Uso Linganifu Si Cheti cha Afya

Hoja hii husikika mara nyingi: uso ambao upande wa kulia unalingana na wa kushoto hutuvutia kwa sababu unatangaza afya ya mwenye uso, na mageuko ya viumbe yametufunza kuisoma alama hiyo. Ndani yake mna madai manne, na hayana uzito sawa.

Dai la kwanza: watu wote hupenda uso linganifu. Hili lina msingi. Mwaka 2007, Anthony Little, Coren Apicella na Frank Marlowe walichapisha utafiti uliolinganisha Waingereza na Wahadzabe wa Tanzania. Picha za nyuso zilirekebishwa kwa kompyuta ili pande zake zilingane zaidi au pungufu. Kote kuwili zilizolingana zilipendwa zaidi, na Wahadzabe ndio walioelemea huko kwa nguvu. Hata hivyo, kujua kwamba kitu kinapendwa si kujua sababu ya kupendwa kwake.

Dai la pili: ulinganifu ni dalili ya afya. Hapa ndipo hoja inapoyumba. Mwaka 2014, Nicholas Pound na wenzake walipima nyuso za vijana 4,732 wa Uingereza wenye umri wa miaka 15, kisha wakalinganisha vipimo hivyo na kumbukumbu za maradhi yao tangu utotoni. Waliougua mara nyingi hawakuwa na nyuso zilizopinda zaidi kuliko wenzao. Watetezi husema hao walikulia penye hospitali na chanjo, na kwamba penye maradhi makali uhusiano ungeonekana. Huenda, lakini basi waoneshe vipimo vya huko. Dhana haiwezi kushika nafasi ya ushahidi.

Dai la tatu: hata uchezaji ngoma humfichua mwenye mwili linganifu. Chanzo chake ni utafiti wa vijana wa Jamaika uliotolewa na jarida la Nature mwaka 2005. Robert Trivers, mmoja wa waandishi wake, baadaye alizipinga hadharani data zake, na mwaka 2013 jarida likaufuta. Anayeutaja leo anaegemea ukuta ulioanguka.

Dai la nne: mvuto huu hauna maelezo mengine ila afya. Unayo. Mwaka 1994, Magnus Enquist na Anthony Arak walitumia mifano ya kompyuta kuonesha kwamba mfumo unaojifunza kutambua umbo kutoka pembe mbalimbali huishia kulipendelea umbo linganifu, bila afya kuhusika popote. Jicho, basi, laweza kupenda ulinganifu kwa kuwa ni rahisi kuutambua.

Wakosoaji hawakatai kwamba akili zetu ni zao la mageuko. Wanachokataa ni kuruka kutoka “tunapenda” hadi “ni kwa ajili ya afya” bila kupita kwenye vipimo. Mtu asihukumiwe kuwa mgonjwa au mzima kwa mpindo wa taya yake.