Cheti cha Kifo Kwanza, Facebook Baadaye: Nani Mrithi wa Ukurasa wa Marehemu?

Katika nchi hii tuna sheria inayosema nani arithi shamba, nyumba na ng'ombe wa marehemu. Hatuna sheria inayosema wazi nani arithi akaunti yake ya Facebook, barua pepe zake na picha alizozihifadhi mtandaoni. Pengo hilo limejazwa na masharti ya kampuni zilizoko Kalifonia, na sisi tumeyakubali masharti hayo bila kuyasoma. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba familia nyingi hushindwa na kampuni hizo kabla hata hazijaandika ombi, kwa kuwa zimeishia kwenye kibali cha mazishi. Na kwamba hata familia iliyo na nyaraka zote hukutana na dola isiyo na neno la kuisaidia.

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini usio mgeni kwa yeyote anayeifahamu Lusahunga, Wilaya ya Biharamulo, pale malori yaendayo Rwanda na Burundi yanapopita na madereva wanapotafuta chakula na pa kulala. Mama mmoja ana nyumba ya wageni. Wateja wake wengi ni madereva, nao humpata kwa ukurasa wa biashara wa Facebook ambao yeye peke yake ndiye msimamizi wake. Jina analotumia katika akaunti yake binafsi ni Mama Jeni wa Lusahunga. Anaugua, anapelekwa hospitali wilayani Ngara, na huko anafariki. Anazikwa Lusahunga. Wiki mbili baadaye, madereva wanapokea ujumbe kutoka kwenye akaunti yake ukiomba rambirambi itumwe kwenye namba wasiyoifahamu. Mdogo wake anataka akaunti hiyo ifungwe. Binti yake anataka picha. Mwanawe wa kiume anataka biashara iendelee. Hayo ni maombi matatu tofauti, na kila moja lina mlango wake.

Mlango wa kwanza ni kuigeuza akaunti kuwa ya kumbukumbu. Katika Facebook, neno Remembering hutokea kando ya jina la marehemu. Hakuna awezaye tena kuingia hata kama analo nenosiri. Na akaunti haikumbushi tena marafiki siku ya kuzaliwa ya mtu aliyekwisha kuzikwa. Kwa tatizo la matapeli, hii ndiyo dawa ya haraka. Nyaraka zake si nzito: kiungo cha akaunti yenyewe, tarehe ya kifo, na uthibitisho wa kifo, ambao waweza kuwa cheti cha kifo, tangazo la tanzia au kadi ya kumbukumbu ya mazishi. Instagram nayo huomba uthibitisho wa aina hiyohiyo.

Mlango wa pili ni kuifuta akaunti kabisa. Hapa kampuni haimsikilizi rafiki wala jirani. Inamtaka ndugu wa karibu au msimamizi wa mirathi. Cheti cha kifo ndicho waraka unaomaliza maneno katika Facebook. Asiye nacho hutakiwa kuleta nyaraka mbili: mmoja wa kuonyesha mamlaka yake, kama wosia, barua ya usimamizi wa mirathi au cheti cha kuzaliwa, na mwingine wa kuthibitisha kifo. Jina na tarehe katika nyaraka hizo lazima vioane na vilivyomo katika akaunti. Instagram hutaja cheti cha kuzaliwa cha marehemu, cheti cha kifo, au uthibitisho wa kisheria kwamba mwombaji ni mwakilishi halali wa marehemu au wa mirathi yake.

Mlango wa tatu, ule wa kuyaona yaliyomo, ndio mgumu kuliko yote. Facebook haimpi mtu yeyote nenosiri la marehemu. Google pia haitoi nenosiri. Hupokea ombi la ndugu au mwakilishi pamoja na kitambulisho cha mwombaji na cheti cha kifo, hutaka tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa endapo waraka hauko katika lugha hiyo, kisha huweza kudai amri ya mahakama ya Marekani kabla ya kutoa barua au picha. Apple humfungulia yule ambaye marehemu alimteua mwenyewe, akiwa na ufunguo aliopewa na cheti cha kifo. Asiyeteuliwa huweza kuambiwa alete amri ya mahakama.

Sasa turudi kwa familia yetu. Waraka walio nao mkononi ni kibali cha mazishi. Kibali hicho kinaruhusu maiti izikwe. Hakithibitishi kifo mbele ya benki, mahakama wala kampuni ya mtandao. Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo inataka kifo kiandikishwe ndani ya siku 30, na usajili hufuata wilaya ambako kifo kilitokea. Mama huyu aliishi Biharamulo lakini alifia Ngara. Kwa hiyo taarifa ya kifo kutoka hospitali hufuatiliwa kwa msajili wa Wilaya ya Ngara. Ndugu atakayekwenda Biharamulo mjini kwa sababu ndiko nyumbani atapoteza nauli na siku.

Mirathi hufuata kanuni tofauti. Mahakama ya Mwanzo yenye mamlaka ni ile ya mahali alipokuwa akiishi marehemu, yaani Biharamulo, ikiwa mirathi inaongozwa na sheria ya mila au ya Kiislamu. Familia hukaa kikao, humpendekeza msimamizi, hupeleka muhtasari wa kikao pamoja na cheti cha kifo, na mahakama hutoa tangazo kabla ya kumteua. Barua ya uteuzi huandikwa kwa Kiswahili, na hilo ni jema: tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu. Lakini barua hiyohiyo ikifika kwa kampuni ya ng'ambo inahitaji mfasiri na mwanasheria wa kuithibitisha. Gharama ya uamuzi wetu mzuri wa kitaifa inabebwa na mfiwa.

Kizingiti kingine ni jina. Hakuna cheti cha kifo kitakachoandikwa Mama Jeni wa Lusahunga. Mkaguzi aliye mbali anaona majina mawili na anadhani ni watu wawili. Ndiyo maana ombi lianze na kiungo kamili cha akaunti, si jina tu, na ikiwezekana liambatane na anwani ya barua pepe iliyotumika kuifungua. Binti athibitishe uhusiano kwa cheti chake cha kuzaliwa kinachomtaja mama yake. Mdogo wa marehemu anahitaji vyeti viwili, chake na cha dada yake, vinavyoonyesha wazazi walewale. Na kabla ya kutuma, mtu afunike namba ya kitambulisho cha taifa katika nakala, maana kampuni hailihitaji hilo ili kuamini kwamba mtu amefariki.

Lakini kosa kubwa zaidi lingekuwa la mpangilio. Mdogo wa marehemu, kwa hasira yake ya haki dhidi ya matapeli, angeomba akaunti iwe ya kumbukumbu siku hiyohiyo. Kwa masharti ya Facebook, ukurasa wa biashara ambao msimamizi wake pekee amegeuzwa kuwa wa kumbukumbu huondolewa. Picha za vyumba, maoni ya madereva na namba za simu vingetoweka pamoja. Ndugu wangejua siku ambayo wateja wangeanza kuuliza kama nyumba imefungwa. Kwa hiyo, kabla ya kutuma ombi lolote, familia iulize kwanza: je, marehemu alisimamia ukurasa wowote peke yake? Kama ndivyo, namba na picha zinazoonekana hadharani zinakiliwe, wateja watangaziwe ukurasa mpya, kisha ombi litumwe.

Wapo watakaosema: kwa nini taabu yote hii, wakati simu ya marehemu iko mezani na mtoto anaijua namba ya siri? Ninaielewa hoja hiyo, lakini ina mwisho mfupi. Laini isiyotumika hurudishwa sokoni na kupewa mtu mwingine, na mtu huyo ndiye atakayepokea namba za uthibitisho za akaunti ya mama yenu. Akaunti ya WhatsApp isiyotumika kwa siku 120 kwa kawaida hufutwa. Google nayo imejipa mamlaka ya kufuta akaunti iliyolala miaka miwili. Mlango wa uani haukai wazi.

Wengine watasema, na hii ni hoja nzito zaidi, kwamba ujumbe wa marehemu ni siri pia ya wale waliomwandikia, nao wako hai. Kampuni hupenda kujificha nyuma ya hoja hii. Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Ujerumani iliipima tarehe 12 Julai 2018, katika shauri la wazazi wa binti wa miaka 15 aliyefariki mwaka 2012 kwa kugongwa na treni mjini Berlin. Facebook ilikuwa imeifanya akaunti kuwa ya kumbukumbu na kuwazuia wazazi waliotaka kujua kama mtoto wao alijiua. Mahakama ilisema mkataba wa akaunti hurithiwa kama vile shajara na barua za karatasi zinavyorithiwa. Kampuni ikawapa wazazi faili moja la zaidi ya kurasa 14,000. Mwaka 2020 mahakama hiyohiyo ikasema hilo halitoshi, warithi wapewe nafasi ya kuiona akaunti yenyewe. Sisemi tunakili sheria ya Wajerumani. Ninasema kampuni ileile isiyotikisika mbele ya mfiwa hutii pale dola inapotamka.

Dola yetu itamke. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika mwaka 2023, na Tume yake ipo. Bunge liseme wazi kwamba barua ya msimamizi wa mirathi iliyotolewa na mahakama ya Tanzania inatosha kuomba taarifa za marehemu, na kwamba kampuni inayofanya biashara hapa iipokee kwa Kiswahili. Mtumishi wa umma anayetoa kibali cha mazishi amwambie mfiwa, palepale, kwamba safari ya nyaraka haijaisha, na amtajie wilaya ya kwenda.

Na wewe msomaji uliye hai, usisubiri Bunge. Katika Facebook, ingia Accounts Center, kisha Personal details, kisha Account ownership and control, kisha Memorialization, umteue mtu wa kuishika akaunti yako. Hatasoma ujumbe wako, ila ataweza kuweka tangazo la mwisho na kubadili picha. Katika Google, tumia Inactive Account Manager kuamua nani apewe nini ukinyamaza. Na ukurasa wako wa biashara uwe na msimamizi wa pili kabla ya Ijumaa hii, kwa maana hilo halina waraka wala mahakama ya kulirekebisha baadaye.