Losheni mbili, mwezi mmoja: ya dukani na ya nazi na karafuu

Wadau, kipupwe hiki maskani hapa Chake Chake kulikuwa na ubishi usiokwisha. Kundi moja linasema losheni za nazi na karafuu zinazotengenezwa hapa hapa Pemba ni za kuuzia watalii tu, bei juu, chupa ndogo. Kundi la pili linasema za dukani zilizotoka ng'ambo ni maji yenye marashi. Wote wanabishana kwa ladha na uzalendo, hakuna aliyepima. Mimi nikaamua kupima, siku 30 za Julai, kila siku baada ya kukoga asubuhi.

Majina ya bidhaa sitayataja, maana sitaki kumfanyia mtu tangazo wala kumharibia biashara. Ya kwanza nitaiita ya dukani: chupa ya mililita 400, nimeinunua sh. 8,000. Kwenye orodha ya vilivyomo, maji yanaongoza, kisha gliserini, kisha mafuta ya parafini, na marashi karibu na mwisho. Ya pili ni ya hapa: mililita 200, sh. 7,000, ina maji, mafuta ya nazi, nta ya nyuki na mafuta ya makonyo, yaani yale yanayokamuliwa kwa mvuke kutoka vikonyo vya karafuu.

Utaratibu wangu ulikuwa rahisi. Upande wa kulia wa mwili, ya dukani. Upande wa kushoto, ya hapa. Baada ya siku 15 nikabadilisha pande. Hilo la kubadilisha ni muhimu, kwa sababu mguu mmoja unaweza kuwa mkavu kuliko mwenzake kwa sababu zake wenyewe. Nilijipaka ngozi ikiwa bado na unyevu kidogo. Losheni haileti maji mengi, kazi yake kubwa ni kuyazuia yale yaliyokwisha kuwamo yasikimbie, kwa hiyo ukijipaka ukiwa umeshakauka unaionea.

Bei. Hapa ndipo ubishi wa maskani unapokosea. Ukigawa bei kwa mililita, ya dukani ni sh. 20 na ya hapa ni sh. 35. Mtu akiishia hapo atasema ya hapa ni ghali karibu mara mbili. Lakini mwisho wa mwezi nilimimina kilichobaki kwenye jagi la kupimia. Ya dukani nilikuwa nimetumia mililita 150, ya hapa 90. Zidisha: sh. 3,000 kwa sh. 3,150. Na hiyo ni nusu ya mwili, kwa hiyo mwili mzima kwa mwezi ni sh. 6,000 kwa sh. 6,300. Tofauti ni sh. 300, bei ya maandazi ya asubuhi moja.

Kwa nini matumizi yapishane hivyo? Kwa sababu upande wa dukani nililazimika kurudia kujipaka mchana miguuni, na upande wa pili sikulazimika. Ndiyo maana nasema bei ya chupa si bei ya losheni. Bei ya kweli ni ile ya siku, na huijui mpaka uone unarudia mara ngapi.

Ngozi inavyojisikia. Ya dukani inaingia haraka. Ndani ya dakika mbili tatu unavaa shati na kutoka, na ule ubaridi mwanzoni ni maji yake yanayokauka. Gliserini huvuta unyevu na kuushikilia, lakini upepo wa kusi wa Julai ni mkavu kiasi chake, na ukikaa nyuma ya bodaboda kwenda Wete unakausha kila kitu. Kipimo changu kilikuwa ukucha: saa saba mchana nakwaruza goko taratibu. Ukitokea mstari mweupe, ngozi imepauka. Upande wa dukani mstari ulitokea siku nyingi. Upande wa nazi na nta ulitokea mara chache sana. Nilipobadilisha pande, mstari nao ukahama. Hapo nikajua ni losheni, si mguu.

Lakini ya hapa nayo ina gharama yake. Dakika 20 za mwanzo unang'aa kama samaki aliyetoka kukaangwa. Kola ya shati jeupe ikabeba alama, na vumbi la barabarani linanata. Wiki ya tatu nikaota vipele vidogo mgongoni juu, upande ule uliokuwa na losheni ya nazi tu. Mafuta ya nazi huziba vinyweleo kwa baadhi ya watu, hasa usoni, kifuani na mgongoni. Nikaacha kuipaka mgongoni, vikapungua.

Harufu. Ya dukani inanukia maua, kwa nguvu, kisha baada ya saa moja imetoweka. Ofisini hakuna aliyesema kitu. Ya hapa inanukia karafuu mpaka adhuhuri. Mimi naipenda, lakini mwenzangu wa meza ya pili aliniuliza kama nimetoka kwa daktari wa meno. Hakukosea: kinachonukia ni yujenoli, ambayo ni zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya makonyo, na ndiyo hiyo hiyo wanayotumia wa meno kutuliza maumivu.

Na hiyo yujenoli ndiyo inayonifanya niwe na neno na watengenezaji wetu. Ikizidi huchoma ngozi, na kwa watu wengine huamsha mzio. Kiwango kinachopendekezwa kwa mafuta ya karafuu ya kupaka mwilini ni asilimia 0.5. Kwa chupa ya mililita 200 hiyo ni mililita moja, kama matone 20 hivi. Lebo ya chupa yangu haisemi kiasi gani kimetiwa. Mimi iliniwasha shingoni kila nilipotoka kunyoa ndevu, kwingineko sikuona kitu. Ukiinunua, kwanza paka kidogo kwenye kiwiko kwa ndani, mara mbili kwa siku, wiki nzima, kabla ya kujimiminia. Mtoto mchanga usimpake.

La pili ni tarehe. Losheni yenye maji bila kihifadhi huota ukungu, na yangu haikutaja kihifadhi wala tarehe ya mwisho. Dalili ni rahisi: maji yakijitenga na mafuta hata ukitikisa, harufu ikiwa chachu, au ukiona madoa, itupe. Yangu siku ya 26 ilianza kujitenga, ikatikiswa ikarudi. Ya dukani haikubadilika hata kidogo.

Hukumu yangu? Kwa asubuhi ya kazini, shati jeupe na safari, ya dukani. Kwa usiku, magoko, visigino na viwiko, ya hapa inaishinda waziwazi, na kwa bei ile ile. Haya ni ya ngozi moja, kavu, katika mwezi mmoja wa kipupwe. Wakati wa joto la kaskazi, ukitoka jasho, nadhani yale mafuta yatakuwa mzigo.

Wale wa maskani wanaosema ya hapa ni ghali, hesabu hiyo hapo. Na wanaoitengeneza: ubora mnao, kinachokosekana ni mistari mitatu kwenye lebo. Kiasi cha karafuu, kihifadhi, tarehe. Mkiandika hayo, mimi mteja.

Nawasilisha.