Tani 100 za mifuko si tani 100 za kobalti

Tunasikia mara na mara, katika makambi na kwenye vituo vya basi Kolwezi, watu wakisema: Kongo inaandika kobalti kidogo, Shina inapokea nyingi, basi ingine imeibiwa njiani. Kweli inaweza kuwa wizi. Lakini tukitaka kuusema, tusome kwanza maneno madogo yaliyo kando ya hesabu.

Tuchukue meza mbili ambazo kila mtu mwenye simu anaweza kufungua bure. Ya kwanza ni ya USGS, idara ya jiolojia ya Amerika. Inahesabu tani za kobalti iliyomo ndani, yaani metali tupu. Ya pili ni UN Comtrade ya Umoja wa Mataifa, na safu yake `netWgt` ni kilo za mzigo bila mifuko. Mifuko imetolewa, lakini maji na vitu vingine vimebaki.

Hapo ndipo watu banajikwaa. Kobalti yetu nyingi inatoka kama hidroksidi, unga wenye unyevu. Tuseme kamyo kadhaa zimebeba tani 100, na nusu ni maji. Inabaki tani 50 kavu. Kama kobalti ni 30 kwa mia ya unga mukavu, metali ni tani 15. Meza moja itaandika 100, ingine 15, na hakuna mtu amekula hata kilo moja.

Angalia pia jina la bidhaa. Namba 2605 ni mawe ya kobalti na konsantre. Hidroksidi safi iko kwa 2822, lakini Shina inaandika ile yetu ghafi kwa 8105. Mwenye kutafuta kwa 2605 peke yake hataona mzigo mkubwa wa Lualaba, na atalia bure.

Tena kuna tarehe. `refYear` kwa Shina ni mwaka mzigo ulipoingia kwao. Uliotoka kwetu Desemba unaweza kufika Februari, basi unaangukia mwaka mwingine. Kwa USGS, herufi ndogo «e» kando ya hesabu inamaanisha ni makadirio. Mwaka ujao inaweza kubadilika.

Bei nayo: `fobvalue` ni bei ya mzigo ukitoka, `cifvalue` imeongezwa usafiri na asiransi. Barabara yetu mpaka baharini ni ndefu, kwa hiyo tofauti hiyo si ndogo.

Mambo haya yanatuhusu mfukoni. Redevansi ya kobalti ni 10 kwa mia tangu 2018, na katika hiyo, 15 kwa mia ni ya sekteri ao sheferi ambako mgodi uko. Wajumbe wetu wakienda kuuliza na hesabu za tani 100 juu ya 15, watachekwa mlangoni. Wageuze kwanza yote kuwa metali, wachukue miaka miwili ao mitatu pamoja ili Desemba isiwasumbue, ndipo waseme: pengo linalobaki liko wapi? Swali hilo ofisi ya duane itapaswa kulijibu kwa karatasi.