Kijana, Kaa Kwanza Uone Kazi

Mwana wa jirani yangu pale Umoja alipewa kazi ya kuendesha mashine ya kusaga plastiki katika karakana moja ya Kariobangi Light Industries. Barua aliiona tamu. Nikamwambia: kabla ya kuitia sahihi, omba ukae humo siku nzima, mikono mfukoni.

Nasema mikono mfukoni kwa sababu. Wapo wenye karakana wanaomkaribisha kijana "aone kazi", kisha saa nne amekwisha vishwa glavu na anabeba magunia. Huko si kuona, ni kibarua bila malipo. Na akiumia? Sheria ya mwaka 2007 ya fidia kwa wanaoumia kazini humlinda mfanyakazi. Mgeni asiye na mkataba atashikilia nini?

Basi akakaa. Nilimwagiza aangalie jambo moja tu kwenye mashine: plastiki ikikwama, mwendeshaji hufanya nini? Mashine ya kusaga ina kifuniko chenye swichi. Kikifunuliwa, visu havina budi kusimama. Pale swichi ilikuwa imefungwa kwa waya ili mashine isisimame kamwe. Mara mbili kabla ya chakula alimwona mtu akisukuma vipande kwa kijiti huku visu vikizunguka. Bosi alikuwa karibu na hakusema neno. Hapo ujue si uzembe wa mtu mmoja, ndiyo desturi ya mahali, maana kuzima na kuwasha hupunguza magunia ya siku.

Saa saba akawafuata wafanyakazi kibandani, kwenye chapati na madondo. Huko ndiko kuna ofisi ya kweli ya mishahara! Mwenye kibanda ana daftari la deni. Watu wakikopa tarehe 25, hilo ni la kawaida Nairobi nzima. Lakini siku hiyo ilikuwa tarehe 9, na karibu wote waliandikwa. Sheria ya Ajira inataka mshahara wa mwezi ulipwe mwezi unapoisha. Hakuhitaji kumuuliza mhasibu.

Mtaniambia kazi ni haba, na mwenye njaa hachagui. Najua; nami nimelelewa Eastlands. Lakini nauli ya siku moja ni ndogo kuliko miezi miwili ya kudai mshahara, na vidole havioti tena. Mwajiri akikukatalia kukaa hata nusu siku, kukataa kwenyewe ni jibu.

Kijana yule alitaka kuondoka saa kumi. Nilikuwa nimemsihi asubiri saa kumi na mbili, zamu zinapobadilishana. Sheria ya usalama kazini hairuhusu mlango ufungwe hivi kwamba walio ndani washindwe kuufungua mara moja. Watu wa usiku waliingia, mlinzi akavuta mlango wa chuma, akatia kufuli kwa nje, akaondoka na ufunguo.

Barua ile aliirudisha asubuhi yake, bila sahihi.