Kola na Moyo wa Mwenye Kukesha

Mama mmoja wa Sindo, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, ametuuliza: mumewe huvua dagaa usiku kwa taa, naye hutafuna kola ili asisinzie. Arudipo hapati usingizi, na moyo humwenda mbio. Je, sababu ni kola?

Twaona yamkini ndiyo. Ndani ya kola mna kafeini, ileile ya kahawa, na teobromini kidogo. Kafeini haileti nguvu mpya. Huziba mahali ambapo ubongo hupokea habari ya uchovu. Uchovu upo, ila hausikiki. Mishipa ya fahamu husisimka, mikono hutetemeka, moyo hudunda na presha huweza kupanda. Teobromini huamsha kidogo tu, lakini nayo huusukuma moyo na kuongeza mkojo.

Natufanye hesabu. Gramu 10 za kola kavu huweza kuwa na miligramu 200 za kafeini, kadiri ya vikombe viwili vya kahawa. Nusu yake huchukua kama saa tano kutoka mwilini. Aliyetafuna saa nane za usiku, alalapo saa moja ya asubuhi angali na miligramu 100. Usingizi humpaa, na usiku ufuatao hutafuna zaidi.

Basi apunguze kidogo kidogo, kwani kuacha ghafla huumiza kichwa. Moyo ukiruka mapigo au kifua kikibana, aende hospitali. Nawe mama, ukiwa mjamzito usishiriki: kafeini hukawia zaidi mwilini mwako, na humfikia mtoto tumboni. Mwili ni amana. Wallahu aalam.