Barua ya mwaliko si viza

Na Zaina Uwase

Likizo ikikaribia, wasomaji wenye watoto Ulaya huniuliza: binti yangu ameshanitumia barua ya mwaliko, je, inatosha? Haitoshi. Kinachoamua kama utahitaji viza ni pasipoti unayoishika, njia utakayopita na siku utakazokaa. Barua ni kielelezo cha kuambatanisha na maombi tu, na nasikitika kuona familia zikitumia fedha nyingi kabla ya kujua hilo.

Tuanze na pasipoti. Mnyarwanda anayekwenda kwa dada yake Kampala au Nairobi haombi viza, na tangu 2014 anaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Ulaya ni habari nyingine: mwenye pasipoti ya kawaida ya Rwanda anahitaji viza kuingia nchi yoyote kati ya 29 za Schengen. Mkongomani aliyekaa Remera miaka mingi hufuata masharti ya pasipoti ya Kongo, hata kama ana kibali cha kuishi Rwanda.

Njia nayo ina mambo yake. Mnyarwanda anayebadilisha ndege Amsterdam bila kutoka eneo la wasafiri wa kupita hayumo katika orodha ya pamoja ya Schengen ya wanaodaiwa viza ya kupita uwanjani, aina A. Mkongomani yumo, ingawa mwenye viza halali ya Kanada au Marekani husamehewa. Lakini ukikata tikiti mbili tofauti, ukalazimika kuchukua mizigo na kuikabidhi upya, umeshaingia nchini, na hapo aina A haikusaidii.

Sasa tumchukue mama wa Kimironko ambaye binti yake amejifungua Lille, Ufaransa. Anataka kukaa wiki tatu kwa mjukuu, kisha siku tano Brussels kwa mpwa wake. Viza yake ni aina C, ya muda mfupi, na hiyo moja inamtosha kwa nchi zote mbili. Maombi yanakwenda upande wa Ufaransa, kwa sababu ndiko atakakokaa siku nyingi zaidi. Siku zingelingana, yangekwenda kwa nchi atakayoingia kwanza. Nchi hizi huwakilishana, na ubalozi wa Ubelgiji Kigali ulifungwa baada ya uhusiano kuvunjika Machi 2025, kwa hiyo uliza kwanza ni ofisi gani inapokea faili za nchi unayokwenda. Binti naye aende kwa meya wa mji wake kuomba cheti cha kumpokea mgeni, ambacho Ufaransa hukitoza yuro 30. Barua aliyoiandika mwenyewe haichukui nafasi ya cheti hicho. Mama akitaka kukaa miezi minne, aina C haimfai tena. Hiyo ni aina D, ya taifa husika, yenye masharti mengine kabisa.

Hesabu ya siku ndiyo inayowaponza wengi. Aina C huruhusu siku 90 ndani ya kila siku 180, na siku 180 hizo hazihesabiwi kwa kalenda ya mwaka. Kila siku uliyo Ulaya, unatazama nyuma siku 180, siku hiyo ikiwemo. Tuseme mama alipata viza ya kuingia mara nyingi, akakaa tangu 1 Machi hadi 19 Mei. Hizo ni siku 80, maana siku ya kufika na ya kuondoka zote huhesabiwa. Akirudi 1 Agosti, amebakiwa na siku 10 tu, na tarehe 11 tayari amevunja sheria. Akisubiri hadi 18 Agosti, anaweza kukaa siku 90 mfululizo, kwa sababu siku zake za Machi zinaanza kutoka kwenye hesabu tarehe 28, siku ileile ambayo angezidisha. Subira ya siku 17 inampa siku 80 zaidi, mradi viza yenyewe iwe bado hai.

Basi ukipewa viza, soma stika kabla hujaondoka ofisini. Tarehe za mwanzo na mwisho ni kipindi cha kuitumia. Siku za kukaa zimeandikwa mahali pake, na huenda zikawa chache kuliko kipindi hicho. Idadi ya kuingia ikiwa 01, ukitoka Lille kwenda kumwona kaka London, hurudi tena kwa viza hiyo. Uingereza haimo Schengen na ina viza yake.

Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasichelewe kupita siku 15 kabla yake. Ada ya mtu mzima ni yuro 90, na ukikataliwa hairudishwi.