"Ukumbi Unafikika": Kauli Isiyomfikisha Mtu Popote

Imezoeleka katika mialiko ya makongamano na maonyesho ya tamthilia vyuoni mwetu kuhitimisha tangazo kwa kauli kwamba ukumbi unafikika na watu wenye ulemavu. Kauli hiyo haina kosa la kisarufi, ila haina habari yoyote ndani yake. Unafikika na nani? Kwa mlango upi? Hadi saa ngapi? Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia mahali pote kwa njia inayofaa, na waandalizi wetu wamejifunza kuikumbuka haki hiyo wanapoandika mialiko. Maoni yangu ni kwamba tangazo lingekuwa na manufaa zaidi lau lingeacha neno "unafikika" na kutaja sentimita.

Nina mwenzangu, mwanafunzi wa uzamili, anayetumia kiti cha magurudumu. Anapoalikwa kuwasilisha makala mahali asipopajua, huacha kunywa maji tangu usiku wa kuamkia siku hiyo, kwa sababu hajui iwapo ataweza kuingia msalani. Mtu akijinyima maji hivyo mara kwa mara huwa amejifungulia mlango wa maradhi ya njia ya mkojo, na mbele ya hadhira huwa amesimamia hoja zake huku koo limemkauka. Mistari miwili tu kuhusu choo katika mwaliko ingemwondolea adha hiyo. Kwa hivyo, kabla ya kongamano moja jijini Nairobi, mimi naye tulikwenda kuukagua ukumbi wenyewe. Jina lake nitalisetiri. Tulibeba utepe wa kupimia, kalamu na daftari.

Lango kuu lina vidato vitatu, kila kimoja kikiwa na kimo cha sentimita 16. Jumla sentimita 48. Kando ya jengo, karibu na jikoni, pana njia ya mteremko iliyosakafiwa kwa saruji, na ndiyo aliyoitegemea mwandalizi alipoandika kwamba ukumbi unafikika. Kipimo kinachotumiwa katika nchi nyingi ni kwamba kila sentimita 1 ya kupanda ihitaji sentimita 12 za urefu. Ili kupanda sentimita 48, basi, yahitajika njia ya sentimita 576, yaani takribani mita 6. Tulipoipima ile ya jikoni tukapata sentimita 240. Hiyo ni 1 kwa 5. Mwenye mikono yenye nguvu hawezi kuipanda peke yake bila hatari ya kiti kuinuka mbele na kumwangusha chali. Mwenye msaidizi ataipanda kwa jasho, na wakati wa kuteremka ni sharti ateremshwe kinyumenyume ili asimwagike mbele kama mzigo. Kwa jicho la mpita njia, mteremko ni mteremko. Utepe ndio unaotofautisha njia na pambo.

Msala ulitushughulisha zaidi. Mlangoni palikuwa na ile alama inayojulikana ya kiti cha magurudumu, imepakwa rangi ya samawati, safi kabisa. Wengi hupima mlango kwa kutazama upana wa ubao wake. Lililo muhimu ni nafasi inayobaki mlango ukiwa umefunguliwa, kutoka kwenye ubao hadi mwimo wa pili, kwa kuwa ubao wenyewe na bawaba zake hula sehemu ya nafasi hiyo. Hapa ilibaki sentimita 68. Kiti cha mwenzangu kina upana wa sentimita 65, hivyo anabakiwa na sentimita 1 na nusu kila upande, na vidole vyake ndivyo vinavyozungusha magurudumu. Alipita, ngozi ya kidole kimoja ikachubuka. Ndani, penye nafasi ambayo angeisogelea bakuli ya choo kwa ubavu, palikuwa pamerundikwa ndoo, mifagio na viti vibovu vitatu. Mlango hufungukia ndani, na kiti kikishaingia hauwezi kufungika. Vyuma vya kujishikilia vilikuwepo, tena imara. Aliyevijenga alijua alitendalo. Aliyeleta ndoo ndiye asiyejua, au hakuambiwa.

Nafika sasa kwa wahudumu, ambao utepe hauwezi kuwapima. Ukimuuliza msimamizi kama wanawapokea watu wenye ulemavu, atajibu ndiyo, kwani nani atajibu la? Swali lenye faida ni hili: ufunguo wa mlango wa kando uko kwa nani, naye huondoka saa ngapi? Tulijibiwa kwamba uko kwa mpishi, naye huenda zake saa kumi alasiri. Ratiba ya kongamano ilikuwa inaendelea hadi saa kumi na mbili jioni. Hakuna mwaliko ambao ungeyasema hayo.

Bawabu naye alinigeukia mimi akauliza, "Huyu anaelekea wapi?" ilhali "huyu" alikuwa mbele yake, na ndiye aliyekuwa na barua ya mwaliko mkononi. Alipoambiwa habari ya vidato, akasema kwa moyo mweupe, "Hilo si tatizo mama, tutakubeba." Simlaumu kwa nia yake. Hata hivyo, alikwisha kushika viegemeo vya mikono kabla ya kuitikiwa, na viegemeo vya viti vingi huchomoka vikivutwa juu. Kiti hushikwa penye chuma kisichosogea, na mwenye kiti ndiye anayejua ni wapi. Kiti cha betri nacho huweza kuzidi kilo 100 bila mtu; hapo ahadi ya kubebwa huishia kwenye kidato cha kwanza.

Haya yote tuliyaandika kwa ufupi namna hii: "Lango kuu: vidato 3 vya sentimita 16, hakuna cha kujishikilia. Mlango wa kando: mteremko wa mita 2.4 unaopanda sentimita 48, msaidizi anahitajika. Ufunguo uko kwa mpishi, hadi saa kumi. Choo: nafasi ya mlango sentimita 68, mlango haufungiki kiti kikiwa ndani, vyuma vya kujishikilia vipo, kimefanywa ghala. Wahudumu wako radhi kusaidia, ila waelezwe kwanza namna ya kushika kiti." Tukaongeza tarehe ya ukaguzi, maana ndoo huondolewa na hurudishwa.

Makusudi hatukuandika kama panafaa au hapafai. Mtu anayeweza kusimama kwa magongo na kupanda vidato vitatu atausoma ukurasa huo na kuamua kuja. Mwenye kiti chembamba cha sentimita 58 ataona kwamba choo kinapitika. Mwenye kiti cha betri atabaki nyumbani au atadai ukumbi mwingine mapema, siku zingali zipo. Mkaguzi anayetoa hukumu moja kwa niaba yao wote huwanyima uamuzi huo.

Wapo waliotuambia kwamba kuchapisha habari za namna hii kutawaaibisha wenye ukumbi na kuwavunja moyo wageni. Mwenzangu aliwajibu kwamba kinachomvunja moyo ni kukijua kidato cha tatu akiwa tayari amelipa nauli. Naafikiana naye. Isitoshe, msimamizi tuliyempelekea nakala hakununa. Alitaka tu kujua mita 6 zinaanzia wapi, na alipoonyeshwa akakiri kwamba uwanja wa kando una nafasi ya kutosha. Ndoo ziliondolewa wiki hiyohiyo. Mteremko, nilipopita mara ya mwisho, ulikuwa bado ni ule wa mita 2.4, na ufunguo bado uko kwa mpishi.